Kwa nini faili linahama papo hapo ndani ya diski moja, na likienda diski nyingine tunasubiri

Folda ya harusi iliyopigwa Ole ina gigabaiti 36: video ya nikaha, video za ngoma na maelfu ya picha. Imo kwenye Desktop ya kompyuta ya studio hapa Chake Chake. Ukiikata hapo na kuibandika ndani ya `C:\Harusi`, kazi inakwisha kabla hujaondoa mkono kwenye kibodi. Ukiikata folda hiyo hiyo na kuibandika kwenye diski ya nje ya mteja, linafunguka dirisha lenye mstari wa kijani unaojaa kidogo kidogo, na mteja anayewahi boti ya Mkoani anaanza kutazama saa. "Maalim, mbona ile ya kwanza imeruka mara moja na hii haiendi?"

Ni swali la haki. Umebonyeza vitufe vile vile na mafaili ni yale yale, lakini kompyuta imefanya kazi mbili zisizofanana hata kidogo. Anayejua tofauti yake ataweza kukadiria muda kabla ya kuanza, na hatapoteza mafaili ya watu umeme ukikatika katikati.

Kinachofanyika ndani ya diski

Kila diski iliyofomatiwa ina sehemu mbili. Kuna data yenyewe, yaani picha na sauti zilizoandikwa vipande vipande mahali mbalimbali. Na kuna daftari linaloeleza data hiyo ni ya nani: jina la faili, ukubwa wake, tarehe zake, limo folda gani, na vipande vyake viko wapi. Kwenye diski za Windows zenye fomati ya NTFS daftari hilo ni faili lililofichwa liitwalo `$MFT`. Fomati za Linux nazo zina jedwali lao la kazi hiyo hiyo. Folda si chumba ambamo mafaili yamewekwa. Folda ni orodha tu ya majina, na kila jina linaelekeza kwenye ukurasa wake daftarini.

Ukihamisha faili kutoka Desktop kwenda `C:\Harusi`, Windows inalifuta jina kwenye orodha ya folda ya zamani, inaliandika kwenye orodha ya folda mpya, na inarekebisha mstari mdogo kwenye ukurasa wa faili hilo. Data haiguswi. Hakuna hata baiti moja ya video iliyosomwa. Ndiyo maana faili la gigabaiti 7 na barua ya kurasa mbili huhama kwa muda ule ule. Kwa kompyuta hii ni kazi moja na kubadilisha jina, na programu nyingi hutumia amri ile ile moja kwa yote mawili.

Folda nzima nayo ni hivyo hivyo. Hata kama ndani yake mna picha elfu nne, hakuna anayezipitia moja moja. Linalobadilika ni jina la folda ya juu tu, na vilivyomo ndani vinabaki vimeelekezwa kwake kama vilivyokuwa.

Sasa diski ya pili ina daftari lake peke yake. Chukulia masheha wawili, wa Ole na wa Wawi. Sheha wa Ole anaweza kubadilisha maelezo ya nyumba iliyomo katika shehia yake kwa kalamu tu, wala nyumba haisogei. Lakini hawezi kuandika katika daftari la Wawi kwamba nyumba ile sasa iko Wawi, kwa sababu kule hakuna nyumba. Lazima kwanza ijengwe nyingine kule, kisha hii ya huku ivunjwe. Kompyuta inafanya hivyo hasa: inasoma data yote kutoka diski ya kwanza, inaiandika yote kwenye diski ya pili, inafungua ukurasa mpya katika daftari la pili, na mwisho inafuta jina katika daftari la kwanza. Kuhamisha kwenda diski nyingine ni kunakili, kisha kufuta. Muda wote unaliwa na kunakili. Kufuta ni kugusa daftari tu, na hakuchukui chochote cha maana.

Kwenye Linux unaweza kuliona jambo hili wazi zaidi. Mfumo ukiombwa kubadilisha jina la faili kutoka diski moja kwenda nyingine, unakataa na kutoa ujumbe huu:

```
Invalid cross-device link
```

Amri ya `mv` inapokutana na kukataliwa huko haimlalamikii mtu, inaanza kunakili kimya kimya. Ila ukiandika programu yako mwenyewe, kwa mfano kwa Python ukatumia `os.rename`, ujumbe huo utakufikia kama kosa na faili halitakwenda popote. Dawa yake ni `shutil.move`, ambayo inajua kunakili na kufuta pale kubadilisha jina kunapokataliwa.

Jionee mwenyewe

Kwenye NTFS kila faili lina nambari yake daftarini. Fungua Command Prompt kwa ruhusa ya msimamizi, hakikisha folda ya `C:\Harusi` ipo, kisha andika amri hizi ukibadilisha majina yafanane na ya kwako:

```
fsutil file queryfileid C:\Users\studio\Desktop\nikaha.mp4
move C:\Users\studio\Desktop\nikaha.mp4 C:\Harusi\
fsutil file queryfileid C:\Harusi\nikaha.mp4
```

Nambari ya mwanzo na ya mwisho ni ile ile. Faili ni lile lile na liko pale pale, kilichobadilika ni anwani tu. Kwenye Linux utaona hivyo hivyo kwa `ls -i` kabla na baada ya `mv`.

Hatua ya kwanza: jua kama ni diski moja au mbili

Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa, kwa sababu kinachohesabiwa si kifaa unachokishika mkononi. Kinachohesabiwa ni daftari. Laptopu nyingi zinazouzwa Darajani au Chake zimetumika, na fundi ameigawa diski moja katika patisheni mbili, `C:` na `D:`. Ukifungua kompyuta utakuta diski moja tu ndani yake. Lakini kila patisheni imefomatiwa peke yake na ina daftari lake, kwa hiyo kuhamisha kutoka `C:` kwenda `D:` ni kunakili kamili.

Tena kama diski hiyo ni ya sahani zinazozunguka, huenda kazi ikachukua muda mrefu kuliko kwenda diski ya nje iliyo nzima. Kichwa kimoja cha kusoma na kuandika kinalazimika kwenda upande wa `C:` kuchukua kipande, kurudi upande wa `D:` kukiandika, kisha kwenda tena. Ukiisikia diski inakwaruzakwaruza muda wote, ndiyo safari hizo. Diski ya SSD haina kichwa kinachosafiri, lakini hata yenyewe lazima isome na kuandika kila kitu.

Kwenye Windows kanuni ya kutumia ni herufi. Herufi ile ile mwanzo wa njia zote mbili, papo hapo. Herufi mbili tofauti, jiandae kusubiri. Kwenye Linux herufi hazipo, na folda mbili zinazoonekana jirani zinaweza kuwa za diski tofauti. Uliza hivi:

```
df -h ~/Desktop /media/studio/NJE
```

Tazama safu ya kwanza. Majina yakiwa mawili tofauti, ni diski mbili. Simu nayo ni hivyo: kumbukumbu ya ndani na kadi ya SD ni madaftari mawili, ndiyo maana kuhamishia video kwenye kadi kunachelewa ilhali vyote viwili vimo ndani ya simu moja.

Kuna dalili nyingine isiyohitaji amri. Kwenye Windows, ukiburuta faili kwa kipanya ndani ya diski moja, linahama. Ukiliburuta kwenda diski nyingine, linanakiliwa na la asili linabaki. Mtu asiyejua huburuta folda kutoka sehemu moja ya flashi kwenda sehemu nyingine ya flashi hiyo hiyo akidhani amejiwekea nakala, kisha anafuta ile moja iliyopo. Ukitaka kulazimisha, shikilia Shift unapoburuta ili kuhamisha, au Ctrl ili kunakili. Ukiburuta kwa kitufe cha kulia cha kipanya, Windows itakuuliza unataka nini, na kwa kazi za wateja mimi napendelea kuulizwa.

Hatua ya pili: piga hesabu ya muda

Gawanya ukubwa kwa mwendo wa kifaa kilicho polepole kuliko vyote katika safari. Folda yetu ya Ole ni gigabaiti 36, tuseme megabaiti 36,000. Diski ya nje ya sahani, iliyochomekwa kwenye tundu la USB 3, ikiandika megabaiti 100 kwa sekunde, itachukua sekunde 360, yaani dakika 6. Diski hiyo hiyo ukiichomeka kwenye tundu la USB 2 itashuka hadi kwenye megabaiti 30 hivi kwa sekunde, na dakika zitakuwa 20. Flashi ya bei nafuu inayoandika megabaiti 10 kwa sekunde itakuweka saa nzima.

Kwa hiyo kabla ya kulaumu kompyuta, angalia tundu. Katika mashine nyingi tundu la USB 3 lina plastiki ya buluu ndani au alama ya SS pembeni, ingawa watengenezaji wengine hawafuati rangi.

Picha zinavuruga hesabu hii. Gigabaiti 10 za video moja na gigabaiti 10 za picha elfu mbili hazina muda mmoja, kwa sababu kila picha inahitaji kufunguliwa ukurasa mpya katika daftari la pili, na kwenye flashi dhaifu kuandika daftarini ndiko kunakoichosha. Ukiona mwendo unaoneshwa umeanguka hadi megabaiti 2 au 3 pale zamu ya picha ilipofika, flashi haijafa. Weka picha zote katika faili moja la zip bila kubana, maana JPEG haibaniki zaidi, kisha nakili faili hilo moja.

Hatua ya tatu: usikate, nakili

Hili nalisisitiza kwa kila anayejifunza kazi studio. Ndani ya diski moja, kata na ubandike upendavyo. Kwenda diski nyingine, usikate kabisa kazi ambayo huna nakala yake pengine.

Sababu yake imo katika maelezo ya juu. Windows inapohamisha folda kwenda diski nyingine, inakwenda faili kwa faili: hili limenakiliwa, la asili limefutwa, lije jingine. Umeme ukikatika au kebo ikilegea, folda ya harusi imegawika. Video ya nikaha iko kwenye diski ya mteja, ngoma ziko kwako, na picha ziko pande zote mbili. Ukiwa na haraka utaona folda yenye jina lile lile pande zote mbili, utadhani moja ni nakala ya nyingine, na utafuta. Ukisha kukutana na hali hiyo usifute kitu. Nakili vilivyobaki kwenda kule kule, na pale Windows itakapouliza kuhusu jina lililokwishakuwapo, linganisha kabla ya kujibu.

Lile faili lililokuwa njiani wakati wa kukatika lina hatari yake peke yake. Windows inaweza kutenga nafasi yote ya faili kabla ya kumaliza kuandika, kwa hiyo upande wa pili unaweza kukuta video yenye ukubwa kamili wa gigabaiti 7 ambayo nusu yake ni tupu. Ukubwa kulingana si ushahidi. Bahati njema, la asili huwa halijafutwa, kwa sababu kufuta huja baada ya kunakili kumalizika.

Njia ninayoitumia ni hii, amri ya kunakili ya Windows, ambapo `E:` ni diski ya nje:

```
robocopy "C:\Harusi\Ole" "E:\Harusi\Ole" /E /R:2 /W:5
```

`/E` inachukua folda zote za ndani, hata zilizo tupu. `/R:2` na `/W:5` zinaiambia ijaribu tena mara mbili kwa kusubiri sekunde tano. Usiziache, kwa sababu bila hizo `robocopy` hukariri faili bovu mara milioni moja kwa kusubiri sekunde 30 kila mara, nawe utadhani kompyuta imeganda. Umeme ukikatika, iendeshe amri ile ile tena. Itaruka yaliyokwisha na kuendelea na yaliyobaki.

Ikimaliza, toa diski ya nje kwa njia ya usalama, ichomoe, kisha ichomeke tena. Hatua hii inaonekana ya bure lakini ina maana yake: ukihakiki papo hapo, kompyuta inaweza kukusomea data iliyo bado katika kumbukumbu yake badala ya ile iliyoandikwa kwenye diski. Ikisharudi, hakiki faili kubwa lenye thamani:

```
certutil -hashfile "C:\Harusi\Ole\nikaha.mp4" SHA256
certutil -hashfile "E:\Harusi\Ole\nikaha.mp4" SHA256
```

Mistari miwili ya herufi na nambari ikilingana, nakala ni sawa hadi baiti ya mwisho. Hapo ndipo unapoweza kufuta ya kwako, kama nafasi inakubana.

Kwa wanaotumia Linux, kuna mtego wa ziada. Mstari wa maendeleo unaweza kukimbia hadi mwisho kwa dakika moja ilhali data bado iko kwenye RAM ikisubiri zamu ya kuandikwa. Andika `sync` kwenye terminali na usubiri irudi, ndipo utoe flashi.

Matatizo mawili yanayoletwa kwetu mara kwa mara

La kwanza ni mtu ambaye `C:` imejaa, amehamisha video zote kutoka Desktop kwenda `C:\Video`, na nafasi haijaongezeka hata kidogo. Haiwezi kuongezeka, kwa kuwa data haijaondoka mahali pake. Nafasi hupatikana kwa kwenda daftari jingine tu. Na huko kuwe na nafasi kamili kabla hujaanza, kwa sababu faili lote lazima lisimame upande wa pili kabla la upande wa kwanza halijafutwa.

La pili ni faili kubwa linalokataliwa na flashi yenye nafasi tele. Video ya gigabaiti 7, flashi ina gigabaiti 20 tupu, na Windows inasema "The file is too large for the destination file system". Flashi imefomatiwa kwa FAT32, ambayo daftari lake halina uwezo wa kuandika faili linalofikia gigabaiti 4. Video ilikaa bila taabu kwenye `C:` kwa sababu kule ni NTFS. Toa kwanza kila kilichomo kwenye flashi, maana kufomati kunafuta yote, kisha ifomati kwa exFAT. Ila muulize mteja ataichomeka wapi, kwa sababu baadhi ya televisheni na redio za gari za zamani zinasoma FAT32 peke yake. Kwa mteja wa namna hiyo ni afadhali uikate video vipande viwili kabla ya kuitoa.

Kupunguza kusubiri

Muda wa kunakili hauondoki, lakini unaweza kuulipa mara moja badala ya mara mbili. Programu ya kuhariri ikimaliza kutengeneza video, huiandika mahali ulipoielekeza. Ukiielekeza `C:` halafu ukaihamishia `E:`, gigabaiti zile zile zimeandikwa mara mbili. Ielekeze `E:` tangu mwanzo, mradi ni diski ya nje iliyo imara na si flashi dhaifu, na ujiwekee nakala baadaye, mteja akisha kuondoka.

Mipango hiyo ikishindikana na boti iko karibu, mpe video iliyohaririwa kwanza. Gigabaiti 7 kwenye tundu la USB 3 na diski ya nje ya sahani ni dakika moja na kidogo. Picha na video mbichi zinaweza kufuata kwa diski nyingine akirudi Pemba.